Mkaa wa Kilosa na deni la miaka 24

Gunia la mkaa likishushwa sokoni Dar es Salaam, mnunuzi mzoefu hupima uzito wa kipande kiganjani, kisha huchungulia chini asije akauziwa vumbi. Haulizi kisiki cha mti ule kiko katika hali gani. Haimhusu, na mwenye gunia mwenyewe huenda hajui. Hata hivyo, ukitaka kujua kama mkaa huo umeongeza hewa ukaa angani au la, inabidi urudi kwenye kisiki.

Wanaoutetea mkaa husema mti ulivuta hewa ukaa ulipokuwa unakua, ukichomwa unairudisha, na utakaoota baada yake utaivuta tena. Ni kweli, ila muda umeachwa nje ya hesabu. Kilo 100 za kuni kavu hutoa takribani kilo 180 za hewa ukaa. Gogo lililosimama miongo kadhaa huiachia yote ndani ya wiki chache, kati ya tanuri na jiko. Kuanzia hapo msitu una deni.

Mahali pazuri pa kulitazama deni hilo ni Kilosa, mkoani Morogoro. Chini ya mradi ulioanza mwaka 2012, vijiji kadhaa vya wilaya hiyo vimekuwa vikivuna mkaa kwa mpango, vikisaidiwa na Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania na mtandao wa MJUMITA. Eneo la uvunaji hugawanywa katika miraba ya mita 50 kwa 50. Mmoja unakatwa, wa jirani unaachwa, na uliokatwa hupumzishwa miaka 24.

Miombo inafaa kwa utaratibu huu kwa sababu haihitaji kupandwa. Mtondoro au myombo ukikatwa, mizizi hubaki hai na kisiki huchipua mvua zikianza. Ukipita baada ya msimu mmoja utakuta machipukizi membamba yamekizunguka kisiki kama ufagio. Mengi yatakufa kwa kunyimana mwanga, na machache yatakayobaki ndiyo yatakuwa miti. Kijiji kikikata sehemu moja ya 24 kila mwaka huku 23 zikiendelea kukua, deni la mraba mmoja hulipwa na ukuaji wa mingine, na ukaa uliomo msituni kwa jumla haupungui. Hapo hoja ya watetezi inasimama.

Lakini inasimama kwa kipimo. Miombo kwa kawaida huongeza tani 1 hadi 3 za kuni kwa hekta kwa mwaka. Tuchukue 2. Tanuri la kienyeji lililopangwa ovyo, lenye magogo mabichi, likitoa kilo 12.5 za mkaa kwa kila kilo 100 za kuni, ukuaji wa hekta moja unatosha magunia 5 ya kilo 50 kwa mwaka. Magogo yakikaushwa vizuri, yakapangwa bila mianya na tanuri likawekewa bomba la moshi, mavuno yakafika kilo 20, ni magunia 8 kwa msitu uleule. Mchomaji hujua kwa moshi: mwanzoni ni mzito na mweupe kwa maji yanayotoka, kisha hugeuka mwembamba wa rangi ya samawati, na hapo huziba matundu. Akichelewa, anachoma mkaa wake mwenyewe.

Moshi huo una kitu ambacho msitu hauwezi kukirudisha. Kuni zikiungua kwa hewa kidogo hutoa methani, na mti hauvuti methani. Gunia moja linaweza kuacha takribani kilo 2 za gesi hiyo. Kwa kipindi cha miaka 100, kilo moja ya methani hupasha dunia joto kama kilo 28 hivi za hewa ukaa. Kwa hiyo hata pale ambapo kila kisiki kimechipua, gunia hubaki na deni la zaidi ya kilo 50. Ndiyo maana siwezi kukubali mkaa wowote uitwe safi kabisa, hata wa Kilosa.

Na huo ndio mkaa bora. Mwingine unaoingia mjini hutoka mahali ambapo mti ulikatwa ili pawe shamba la mahindi au ufuta. Hapo visiki hung'olewa au kuchomwa, na deni halina wa kulilipa. Moto wa mwisho wa kiangazi nao huua machipukizi yakiwa bado chini ya urefu wa mtu. Ukitaka kukagua mraba wa miaka mitatu, acha kuhesabu visiki. Tazama kama machipukizi yamekupita kimo na kama kuna matuta ya kilimo katikati yake.

Vitabu vya serikali navyo vina mwanya hapa. Kwa utaratibu wa kimataifa, hewa ukaa ya kuni na mkaa huandikwa sifuri kwenye safu ya nishati, kwa kuwa inatakiwa iwe imeshahesabiwa kwenye safu ya misitu pale mti ulipokatwa. Msitu wa kijiji usipopimwa, inakosekana kwenye safu zote mbili.

Mwanakijiji anayevuna kwa mpango hulipa ushuru wa kijiji, hungoja zamu ya mraba wake na hukausha magogo kabla ya kuwasha. Aliyefyeka shamba haingii gharama yoyote kati ya hizo. Magunia yao hufika soko moja, na mnunuzi anapima kipande kiganjani.