Kibarua Akipewa Barua ya Kudumu, Atazame Tarehe Kwanza

Barua ya kumwajiri kibarua moja kwa moja huwa ya kurasa mbili au tatu, na karibu kila anayeipokea hukimbilia mstari wa mshahara. Mstari wenye uzito zaidi ni ule wa tarehe ya kuanza kazi.

Tuchukue mfano wa mpakiaji magunia katika ghala moja la Mombasa. Alianza Machi 2017, akilipwa shilingi 1,000 kila jioni na nyapara. Julai 2025 anaitwa ofisini na kupewa barua: anaajiriwa kwa kudumu kuanzia tarehe 1 Julai 2025, kwa shilingi 24,000 kwa mwezi, na miezi sita ya kwanza ni ya majaribio. Anashukuru, anatia sahihi. Miaka minane imefutika bila mtu kuitaja.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 haimtazami mtu huyo kama mgeni. Kibarua, kwa sheria hiyo, ni mtu anayelipwa mwisho wa siku na asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Kifungu cha 37 kinasema akifanya kazi siku za mfululizo ambazo jumla yake inafikia mwezi mmoja, au akipewa kazi isiyotarajiwa kumalizika kabla ya miezi mitatu, mkataba wake unahesabiwa kuwa wa kulipwa kwa mwezi, na wa kusitishwa kwa notisi ya siku 28. Siku ya mapumziko baada ya siku sita za kazi nayo inahesabiwa. Akiendelea miezi miwili au zaidi tangu siku aliyoanza ukibarua, anastahili masharti ambayo angepata kama hangeanza kama kibarua. Kwa hiyo barua ya 2025 haimpi mpakiaji wetu hadhi mpya. Inaandika jambo ambalo sheria ilikwisha kulitambua.

Hasara ya tarehe hujitokeza siku ya kuondoka. Tuseme mwishoni mwa Julai 2026 kampuni inanunua mashine na kupunguza watu. Kifungu cha 40 kinataka kila anayepunguzwa alipwe angalau ujira wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Tukihesabu kwa shilingi 1,000 kwa siku, utumishi wa tangu 2017 ni miaka tisa, yaani siku 135, sawa na shilingi 135,000. Utumishi wa tangu Julai 2025 ni mwaka mmoja: shilingi 15,000. Kazi ni ile ile, mgongo ni ule ule.

Dawa yake ni sentensi moja ndani ya barua: "Utumishi wako unahesabiwa kuwa wa mfululizo tangu tarehe 3 Machi 2017, na siku ambazo ghala lilifungwa hazikati mfululizo huo." Si upendeleo. Kifungu cha 10 kinamtaka mwajiri aandike tarehe ambayo mfululizo wa utumishi ulianza. Kipande cha pili cha sentensi kina kazi yake, kwa sababu mabishano mengi huzuka kwenye mapengo, hasa pale ghala linapofungwa kwa wiki kadhaa msimu ukiwa mbaya.

Majaribio nayo yanashangaza. Katika kipindi hicho mkataba unaweza kuvunjwa kwa notisi ya siku saba tu, badala ya 28. Mtu aliyebeba magunia miaka minane anajaribiwa nini? Kama cheo ni kipya, mathalani anapandishwa kuwa karani wa ghala, hapo naelewa.

Kuhusu mshahara, siku 26 kwa shilingi 1,000 ni 26,000, kwa hiyo zile 24,000 ni punguzo lililovaa suti. Barua pia iseme kama posho ya nyumba imo ndani ya kiasi hicho au iko kando, na itaje likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka. Sentensi ya kusema "sina madai yoyote ya nyuma" isitiwe sahihi siku hiyo hiyo. Asiyejua kusoma ana haki ya kufafanuliwa mkataba kwa lugha anayoielewa.

Lakini sheria haimbebi kila mtu. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya wafanyakazi wa kampuni ya chumvi ya pwani, ilisema kifungu cha 37 kinamhusu kibarua, si anayelipwa kwa kipande cha kazi. Anayelipwa kwa hesabu ya magunia aliyopakia anaweza kujikuta nje.

Kwa hiyo, kabla ya kuingia ofisini, kusanya ushahidi wa miaka yako: malipo ya M-Pesa, taarifa ya michango ya NSSF, kadi za kuingilia getini. Tarehe ikiwa si sahihi, omba irekebishwe kwa maandishi kabla hujatia sahihi.