Herufi Moja Kwenye Kona ya Ramani

Mwanafunzi wa usanifu majengo anapopewa ramani siku za kwanza za mafunzo kwa vitendo, macho yake hukimbilia kuta na vyumba. Mimi humwambia aanzie kona ya chini, upande wa kulia. Ofisi nyingi huweka pale kisanduku chenye jina la mradi, namba ya mchoro, skeli, tarehe, jina la aliyechora na la aliyekagua. Humo pia mna herufi moja ya toleo. Herufi hiyo ndiyo humjulisha fundi kama karatasi aliyoshika bado ni halali.

Tuchukue ramani ya zahanati, mchoro A-102, toleo B. Msanifu ameandika kwa kalamu nyekundu kwamba mlango D4 wa choo cha wagonjwa upanuliwe kutoka milimita 800 hadi 900, kiti cha magurudumu kipite. Mwanafunzi anaambiwa arekebishe kwenye kompyuta.

Kusogeza mistari ni kazi ya dakika mbili, ila ukuta wenyewe haujarefuka. Una milimita 3000: kushoto 1200, mlango 800, kulia 1000. Mlango ukiwa 900, kipande cha kulia lazima kishuke hadi 900, jumla ibaki ileile. Hapa wageni wengi hukosea: hufuta namba na kuandika nyingine, mstari wakauacha palepale. Mchoro unasema hivi, namba inasema vile.

Kisha aitafute D4 kila inapotajwa: kwenye jedwali la milango, kwenye mchoro wa mkato, na kwenye vyumba vingine kama alama hiyo imetumika tena. Injinia naye aarifiwe, kwa kuwa linta ya juu ya mlango itarefuka.

Ndipo aijaze safu mpya ya marekebisho: C, tarehe ya leo, halafu maelezo: “Mlango D4 umepanuliwa kutoka 800 hadi 900, ukuta wa kulia umepunguzwa kutoka 1000 hadi 900.” Asiandike “marekebisho madogo”, maneno yasiyomsaidia mtu yeyote saiti. Safu za A na B hazifutwi, kwani ndiyo historia ya mchoro. Sehemu iliyobadilika huzungushiwa mstari wa mawimbi kama wingu, na pembeni pembetatu yenye herufi C. Wingu la toleo B huondolewa, ili jicho lione jambo jipya tu. Jedwali la milango, likiwa karatasi ya peke yake, nalo hupanda toleo lake.

Nafasi ya aliyekagua aiache wazi. Hiyo ni ya msanifu, hata kama ametoka na kazi inasubiriwa.

Nawe unayejenga, fundi akishika ramani, mwulize ni toleo gani, kisha ulinganishe na orodha ya michoro ya ofisi. Karatasi ya B ikikutwa saiti baada ya C kutolewa, ipigwe mhuri wa kufutwa au iondolewe siku hiyohiyo.