74LS na 74HC: Pini Zilezile, Tabia Mbili

Fundi anayeng'oa chipu ya 74LS00 na kuweka 74HC00 mahali pake haoni sababu ya wasiwasi. Zote zina pini 14 zilizopangwa sawasawa, zote zina milango minne ya NAND, na zote hutumia umeme wa volti 5. Saketi inafanya kazi vizuri mezani. Ikifungwa karibu na mota, inaanza kuhesabu vibaya.

Chanzo ni kwamba LS ni ya ukoo wa TTL, unaotumia transista za baipola, na HC ni ya ukoo wa CMOS, ambao Frank Wanlass aliubuni katika kampuni ya Fairchild mwaka 1963. Koo hizi hazikubaliani ni volti ngapi zihesabiwe kuwa 1.

Chipu ya LS inahakikisha kwamba ikitoa 1, volti hazitashuka chini ya 2.7. Mwenzake wa LS anayepokea anaridhika na volti 2.0. Hivyo zinabaki volti 0.7 za akiba, na kelele ya umeme isiyozidi hapo haidhuru kitu. Hiyo ndiyo kinga ya kelele. Kwa upande wa 0 akiba ni ndogo zaidi: mtoaji anaweza kufika volti 0.5 na mpokeaji anakubali hadi 0.8, kwa hiyo kinga ni volti 0.3 tu. HC inapozungumza na HC, mtoaji hufika karibu volti 4.9 au 0.1, na mpokeaji hudai angalau 3.5 kwa 1 na asizidishiwe 1.5 kwa 0. Kinga ni takriban volti 1.4 kila upande.

Sasa acha LS itoe na HC ipokee. Aliyeahidi 2.7 anamlisha anayedai 3.5. Kinga imekuwa hasi volti 0.8. Mbona basi ilifanya kazi mezani? Kwa sababu LS halisi mara nyingi hutoa karibu 3.4, na HC halisi hugeuka karibu na nusu ya umeme wake, yaani 2.5. Saketi inaishi kwa bahati ya chipu zilizopatikana, wala si kwa ahadi ya mtengenezaji. Ukipima pini hiyo kwa osiloskopu na kuona 1 imesimama chini ya 3.5, umeupata ugonjwa.

Tofauti ya pili ni idadi ya milango ambayo pini moja inaweza kulisha. Katika LS, kila mpokeaji anaposhushwa hadi 0 hurudisha mkondo wa miliampea 0.4, na mtoaji anaweza kumeza 8. Gawanya, unapata milango 20, na mpaka huo ni wa mkondo. Mpokeaji wa HC havuti mkondo wa maana, chini ya milioni moja ya ampea, kwa hiyo kwa hesabu hiyo angelishwa kwa maelfu. Ila kila pini yake ni kapasita ndogo, hadi pikofaradi 10, na kapasita hujazwa kwa muda. Ukiongeza milango, volti hazianguki. Ishara ndiyo inayochelewa.

Hapo ndipo tunafika kwenye muda. Mlango wa LS na wa HC huchelewesha ishara kwa karibu nanosekunde 10, kwa hiyo HC haikosi mbio. CMOS ya zamani, kama 4011, ilichukua karibu nanosekunde 125 kwa volti 5, na ndiyo iliyowapa watu imani kwamba CMOS ni nzito.

Tiba inayojulikana ni kuunganisha rezista kati ya pini ya LS na volti 5, ili iivute 1 juu zaidi. Tuseme ni ya kiloohm 2.2. LS inapotoa 0 itameza takriban miliampea 2.3 za rezista hiyo, kati ya 8 ilizo nazo, na milango ya LS inayoweza kulishwa inapungua kutoka 20 hadi 14. Inapotoa 1, yenyewe husukuma hadi 2.7 katika hali mbaya, na safari iliyobaki hadi 3.5 hufanywa na rezista peke yake. Kama waya na pini zina pikofaradi 20, safari hiyo inakula karibu nanosekunde 19, mara mbili ya muda wa mlango wenyewe. Kinga imenunuliwa kwa muda.

Ndiyo maana kuna 74HCT. Ndani ni CMOS, ila pini zake za kuingizia zimetengenezwa zikubali 2.0 kama 1 na 0.8 kama 0, sawa na TTL. Ikipokea kutoka LS, kinga inarudi volti 0.7, bila rezista wala kuchelewa huko. Ila haiwezi kuzidi ahadi za anayeilisha: kwa upande wa 0 kinga inabaki 0.3, na karibu na mota hiyo ni ndogo. Pale ambapo kelele ni kali, bora saketi nzima iwe ya HC.