Sauti ya WhatsApp Ndani ya Tasnifu

Tuseme mwanafunzi wa uzamili anaandika tasnifu kuhusu namna wanakikoba wanavyodaiana marejesho kwa simu. Amekusanya chapisho la wazi la mtandao wa X, ujumbe wa kundi la WhatsApp, na sauti aliyoituma katibu kwenye kundi hilo. Vyote vimo kwenye simu moja, lakini havinukuliwi kwa namna moja.

Kwa mtindo wa APA, toleo la 7, swali la kwanza ni kama msomaji anaweza kukifikia chanzo. Chapisho la X analifikia, hivyo linaingia kwenye orodha ya marejeo: jina la mwandishi, jina la akaunti, tarehe kamili, maneno ya mwanzo ya chapisho yasiyozidi 20, jina la mtandao na kiungo. Maneno huachwa yalivyo, hata kama mtu kaandika "cjui" au "xaxa". Ukiyasahihisha, umemlisha mwenyewe maneno. Na kwa kuwa machapisho hufutwa, lihifadhi mapema kwenye web.archive.org.

Ujumbe wa WhatsApp msomaji haufikii. Wengi huuita mawasiliano binafsi, wakataja jina na tarehe ndani ya matini tu bila kuuweka kwenye marejeo. Hilo linafaa pale ulipomwuliza mtaalamu jambo, akakujibu na akaridhia atajwe. Wanakikoba hawakuwa wakimjibu mtafiti. Walikuwa wakizungumza wao kwa wao kuhusu madeni yao. Hao ni watafitiwa, na maneno yao ni data. Kila atakayenukuliwa aombwe ridhaa, apewe jina la bandia, na utaratibu mzima uelezwe kwenye sura ya mbinu za utafiti. Ruhusa ya msimamizi wa kundi pekee haitoshi, maana maneno ya wenzake si mali yake.

Jina la bandia nalo lina ukomo. Ukinukuu chapisho la wazi la mtu wa kawaida neno kwa neno, yeyote ataliandika kwenye kisanduku cha kutafutia na kumpata. Jambo likiwa nyeti, bora ueleze maana kwa maneno yako.

Sauti ndiyo inayopotosha wengi. Kwenye Android faili huweza kuitwa PTT-20240304-WA0012.opus. Tarakimu zile ni tarehe, 4 Machi 2024, lakini ni siku simu ilipoipokea, si lazima iwe siku iliporekodiwa. Tazama pia alama ya kusambazwa: mishale miwili maana yake imepita kwa watu watano au zaidi kabla ya kufika hapo. Basi katibu ni mpelekaji tu, na kumwandika kama msemaji ni kumbebesha maneno ya mwingine. Andika kwamba msemaji hajulikani, taja siku ilipofika kundini, nukuu sauti kwa maandishi, kisha onyesha dakika na sekunde yanapoanzia maneno unayoyatumia, kwa mfano 02:14, ili msimamizi wako akiomba kuisikiliza afike palepale.