Kianzio cha Gari: Hesabu Inayoanzia Mwisho

Swali la kwanza katika yadi nyingi za magari Dar es Salaam huwa ni hili: "Una kianzio cha shilingi ngapi?" Mnunuzi hutaja akiba yake, muuzaji anaitoa kwenye bei, na kinachobaki kinakuwa mkopo. Rejesho la kila mwezi linajulikana mwishoni kabisa, wakati mtu ameshakaa kwenye usukani na kuvuta harufu ya viti vilivyosafishwa. Hapo hata namba kubwa huonekana ndogo.

Hesabu hiyo imepangwa kwa faida ya muuzaji. Mnunuzi anatakiwa kuigeuza: aanze na rejesho analoweza kulilipa mwezi mbaya na mwezi mzuri, apate mkopo ambao rejesho hilo linaubeba, halafu kianzio kiwe tofauti kati ya mkopo huo na bei ya gari. Ikiwa kianzio kinachotokea ni kikubwa kuliko akiba, jibu limepatikana: gari hilo bado, au si hilo.

Tumchukue muuguzi anayeishi Mbezi ya Kimara na kufanya kazi Mwananyamala. Ameona Toyota IST iliyokwisha kutumika, inauzwa shilingi 16,000,000. Akiba yake ni 8,000,000. Mshahara ukishaingia, akalipa kodi ya nyumba, chakula, ada za watoto, nauli na mchango wa kikoba, hubakiwa na 700,000 kwa mwezi. Mkopeshaji anataka kianzio kisichopungua asilimia 20, na riba yake ni asilimia 18 kwa mwaka inayotozwa kwenye deni linalobaki, sawa na asilimia 1.5 kwa mwezi.

Kosa la kawaida ni kuiona ile 700,000 yote kama nafasi ya rejesho. Gari huanza kula siku ile ile linapoingia uani. Kwenda na kurudi kazini ni kilomita 40, siku 22 kwa mwezi. IST ikienda kilomita 13 kwa lita kwenye foleni, na lita tukiihesabu kwa shilingi 3,000, mafuta ni takribani 204,000. Atakuwa ameokoa nauli ya daladala, tuseme 44,000, kwa hiyo ongezeko halisi ni 160,000. Kuna kumwaga oili, tairi, breki na vijiti vya stebo: atenge 60,000 kila mwezi hata mwezi ambao fundi hakuguswa. Kisha kuna bima. Gari la mkopo halikatiwi bima ndogo. Mkopeshaji hudai bima kubwa, kwa kuwa gari ndiyo dhamana yake. Tukihesabu asilimia 3.5 ya thamani na kuongeza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, bima ya mwaka ni 660,800, yaani kama 55,000 kwa mwezi.

Jumla ya hayo ni 275,000. Kutoka 700,000 zinabaki 425,000. Aache 75,000 bila kuzigusa, kwa ajili ya mtoto anayeugua katikati ya mwezi na msiba usiotoa taarifa. Rejesho lake halali ni 350,000.

Wengi hukimbilia kipimo kingine: ile kanuni inayotumika kwa watumishi wa umma, kwamba makato yasimwache mtu na chini ya theluthi moja ya mshahara. Kanuni hiyo ni ukuta wa mwisho. Haijui una watoto wangapi, wala gari linakunywa lita ngapi, na aliyekopa mpaka kuugusa ukuta huo hana tena pa kuegemea.

Sasa turudi nyuma kutoka 350,000. Kwa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi na miezi 36, kila shilingi milioni moja ya mkopo hudai rejesho la shilingi 36,152. Ukigawanya 350,000 kwa namba hiyo unapata mkopo wa takribani 9,680,000. Mwenye jedwali la hesabu kwenye simu au kompyuta anaweza kuandika hivi na kupata jibu lile lile:

```
=PV(0.015,36,-350000)
```

Bei ni 16,000,000, mkopo ni 9,680,000, hivyo kianzio ni 6,320,000. Ni karibu asilimia 40 ya bei, mara mbili ya kile ambacho mkopeshaji angeridhika nacho. Kama muuguzi angetoa asilimia 20 tu, yaani 3,200,000, mkopo ungekuwa 12,800,000 na rejesho lingefika takribani 463,000. Angezidiwa kwa 113,000 kila mwezi kwa miaka mitatu, na asingeligundua hilo mwezi wa kwanza. Angeligundua mwezi ambao tairi mbili zimeisha pamoja na ada za shule zimefika.

Hapo ndipo sauti laini ya muuzaji huingia: "Dada, hiyo isikusumbue, tunakuongezea miezi." Ni kweli kwamba mkopo ule ule wa 12,800,000 ukitandazwa kwa miezi 60, rejesho hushuka hadi takribani 325,000, chini hata ya kipimo chake. Lakini tuangalie kinachonunuliwa kwa unafuu huo. Kwa miezi 36 na kianzio cha 6,320,000, riba yote anayolipa ni kama 2,920,000. Kwa miezi 60 na kianzio cha 3,200,000, riba ni kama 6,700,000. Tofauti ni karibu milioni 3.8, na hakuna hata nati moja ya ziada iliyoongezwa kwenye gari.

Linaloniumiza zaidi, nikiwasikiliza watu waliokwama, si riba peke yake. Ni deni linalobaki juu ya gari linalozeeka. Baada ya miaka miwili, aliyechukua njia ya miezi 36 anadaiwa takribani 3,800,000. Yule wa miezi 60 bado anadaiwa karibu 9,000,000. Gari likigongwa lisitengenezeke, bima kubwa kwa kawaida huangalia thamani ya gari wakati wa ajali, wala haiulizi lilinunuliwa kwa bei gani, na mkopeshaji ndiye anayelipwa kwanza. Mtu akifukuzwa kazi akalazimika kuliuza haraka, hadithi ni hiyo hiyo. Kianzio kikubwa ndicho kinachofanya thamani ya gari iendelee kuwa juu ya deni, ili siku ya dharura kuliuza kuwe njia ya kutokea.

Basi kwa nini asitoe milioni zote nane? Rejesho lingeshuka hadi 289,000, na riba ingepungua. Ndiyo, lakini bima ya mwaka wa kwanza haisubiri makato ya kila mwezi. Hulipwa yote mwanzoni, na zile 55,000 za kutenga kila mwezi ni za mwaka unaofuata. Akitoa 6,320,000 anabaki na 1,680,000. Bima inachukua 660,800. Ada ya kuandaa mkopo, ikiwa asilimia 2, inachukua kama 194,000. Fundi wa kulikagua gari kabla ya kulinunua, mthamini na gharama za kubadilisha umiliki TRA zinakula sehemu nyingine. Mwishowe anabaki na laki kadhaa, na laki hizo ndizo zinazomzuia asikimbilie mkopo wa kausha damu pampu ya mafuta ikifa wiki ya tatu. Aliyeokoa riba ya asilimia 18 kisha akakopa kwa mtu anayetoza asilimia 20 kwa mwezi hajaokoa chochote.

Kuna mambo mawili yanayoweza kuivuruga hesabu hii hata kama umeifanya vizuri.

La kwanza ni aina ya riba. Yadi inaweza kukuambia ina riba ya asilimia 12 tu kwa mwaka, nawe ukaona ni nafuu kuliko 18. Uliza inatozwa juu ya nini. Ikiwa inatozwa juu ya mkopo wa awali muda wote, bila kujali umeshalipa kiasi gani, basi 9,680,000 kwa miaka mitatu inazaa riba ya 3,484,800, na rejesho linakuwa karibu 366,000. Asilimia 12 ya namna hiyo ni ghali kuliko 18 inayofuata deni linalobaki. Ukiigeuza kwa kipimo kile kile inazidi kidogo asilimia 21. Njia ya kuitambua ni kuomba jedwali la marejesho kabla ya kusaini na kuitazama safu ya riba. Katika mkopo wa deni linalobaki, riba ya mwezi wa kwanza kwa mfano wetu ni 145,200, na kila mwezi hupungua hadi mwezi wa mwisho inapokuwa kama 5,200. Safu hiyo ikiwa na namba moja kutoka juu hadi chini, riba ni ya mkopo wa awali. Asiyetaka kukupa jedwali hilo, mshukuru na uondoke.

La pili ni mthamini. Mkopeshaji hukokotoa asilimia zake kwa thamani aliyoandikiwa na mthamini ikiwa iko chini ya bei ya muuzaji. IST ya 16,000,000 ikithaminiwa 14,000,000, asilimia 80 yake ni 11,200,000, na aliyekuja na 3,200,000 anatakiwa ghafla kupata 1,600,000 zaidi. Wengi huzikopa kwa ndugu siku hiyo hiyo ili gari lisiende kwa mwingine. Muuguzi wetu hatikiswi na hilo, maana mkopo wake wa 9,680,000 bado uko ndani ya kiwango. Lakini tofauti ya milioni mbili kati ya mthamini na muuzaji ni habari kubwa kwake pia: airudishe mezani, aombe bei ishuke. Kila milioni inayoshuka kwenye bei huondoa 36,152 kwenye rejesho, sawa kabisa na milioni ya kianzio ambayo hakulazimika kuiweka akiba.

Kabla ya kusaini, ningemwomba afanye jambo moja. Kwa miezi mitatu aishi kana kwamba gari limeshafika: mshahara ukiingia, atoe 625,000 siku hiyo hiyo, yaani 350,000 za rejesho na 275,000 za gari lenyewe, aziweke kwenye akaunti asiyokuwa na kadi yake, na aendelee kupanda daladala. Akishindwa mwezi wa pili, amejifunza bila kunyang'anywa gari. Akiweza, akiba imeongezeka 1,875,000, na kianzio kinaweza kufika karibu 8,200,000 huku zile laki za dharura zikiwa palepale. Mkopo unashuka hadi kama 7,800,000. Kwa miezi 36 rejesho ni 282,000. Au, ikiwa mkopeshaji hatozi faini kwa kulipa mapema, aendelee na 350,000 alizokwisha kuzizoea, na mwezi wa 28 aende kuichukua kadi ya gari.