Povu la kiini juu ya kahawa ya Hanoi

Kahawa ya mayai ni kinywaji cha Hanoi, mji mkuu wa Vietnam. Chini huwa na kahawa nyeusi kali, na juu yake hutandazwa kwa kijiko povu zito la viini vya mayai vilivyopigwa pamoja na sukari. Chanzo chake huhusishwa na Nguyen Van Giang, aliyekuwa mhudumu wa baa katika Hoteli ya Metropole. Mnamo mwaka 1946 maziwa yaliadimika mjini kwa sababu ya vita na Wafaransa, naye akaona kiini cha yai kinaweza kushika nafasi yake. Mkahawa alioufungua bado unaendeshwa na familia yake.

Kahawa inayotumika ni robusta, aina ileile inayolimwa Kagera na Uganda. Uchungu wake ndio unaostahimili utamu wa povu. Kahawa laini ya arabika hupotea chini ya sukari yote hiyo.

Wanywaji wengi huamini kuwa kahawa ya moto huivisha yai lililo juu yake. Haiivishi. Povu limejaa hewa, na hewa hupitisha joto polepole sana, hivyo ni tabaka jembamba tu linalogusa kahawa ndilo hupata moto. Sehemu iliyobaki ikiwekwa mbichi hunywewa mbichi. Hapo ndipo hatari ilipo, kwani bakteria wa salmonela huweza kuingia ndani ya yai likiwa bado tumboni mwa kuku, kabla ganda halijaumbwa. Yai safi lisilo na ufa linaweza kuwa nao, na kulipiga kwa muda mrefu hakuwaui.

Dawa ni kuvipasha moto viini kabla ya kuvipiga hadi viumuke. Vikifika nyuzijoto 71 za Selsiasi kila sehemu, bakteria hao hufa. Tatizo ni kwamba kiini kitupu huanza kuganda kwenye nyuzijoto 65 hivi, yaani kabla ya kufika kiwango cha usalama. Sukari na maji kidogo ndivyo vinavyotatua tatizo hilo: hutenganisha protini za kiini na kuzichelewesha kushikana, kwa hiyo mchanganyiko huvuka 71 ukiwa bado laini. Maji hayo pia ni ya lazima kwa povu, kwa kuwa kiini chenyewe ni kikavu mno kuweza kushika hewa nyingi.

Kwa vikombe viwili vidogo huhitajika viini viwili, vijiko vikubwa viwili vya sukari na kijiko kikubwa kimoja cha maji. Sukari ikishamwagwa juu ya viini, vikorogwe papo hapo. Ikiachwa imekaa juu yake hunyonya maji ya kiini na kuacha chembe ngumu za njano ambazo haziyeyuki tena. Bakuli lisilopasuka kwa joto huwekwa juu ya sufuria yenye maji yanayochemka polepole, kitako chake kisiguse maji. Mchanganyiko hukorogwa bila kupumzika, hasa pembeni na chini, mpaka kipimajoto kioneshe 71 au zaidi kidogo. Kukisia kwa macho hakutoshi: mchanganyiko huanza kuwa mzito kabla haujawa salama. Asiye na kipimajoto ni afadhali atafute mayai yaliyokwisha kupashwa joto kiwandani, pale yanapopatikana.

Bakuli likishaepuliwa, mchanganyiko hupigwa kwa mashine ya mkono kwa dakika tatu hadi tano. Rangi hufifia kutoka njano iliyokolea hadi ya malai, na ujazo huongezeka mara mbili au tatu. Limekuwa tayari pale povu linaloinuliwa kwa kijiko linapoanguka kama utepe, na alama yake ikabaki juu kwa muda kabla ya kuzama. Mikahawa mingi ya Hanoi huongeza maziwa mazito ya kopo. Nyumbani yanaweza kutiwa hatua hii, sukari ikipunguzwa.

Povu likiwa jepesi na likazama kwenye kahawa, halikupigwa vya kutosha au maji yalizidi. Likiwa na vibonge na ladha ya yai la kuchemsha, moto ulikuwa mkali au mkono ulisimama. Vibonge hivyo havirudi kuwa laini, hata kwa kuchujwa ladha hubaki.

Kahawa, mililita 80 hivi kwa kikombe, humiminwa ikiwa moto, kisha povu hutandazwa juu taratibu. Hanoi kikombe huketishwa ndani ya bakuli la maji ya moto, maana povu likipoa huanza kunuka yai. Huandaliwa la kutosha kwa wakati huo tu. Lililokaa mezani zaidi ya saa mbili hutupwa, kwani bakteria wapya huweza kuingia na kuzaliana hata katika povu lililopashwa vizuri.