MATIBABU YA UTAPIAMLO MKALI NYUMBANI

Wananchi wanaarifiwa kuwa mtoto wa miezi 6 hadi 59 mwenye mzingo wa mkono chini ya sentimita 11.5, au aliyevimba miguu yote miwili, hutibiwa nyumbani kwa chakula dawa iwapo amekila vizuri mbele ya mhudumu na hana maradhi mengine ya hatari. Kila wiki hupimwa kituoni. Asipoongezeka uzito, mzazi huulizwa kwanza kama pakiti hizo hugawiwa ndugu zake. Akizidi kupungua, hupelekwa hospitali. Mathalan, mtoto aliyeanza na sentimita 11.2 akafikia 12.5 haachishwi siku hiyo. Sharti kipimo hicho kithibitike tena wiki inayofuata, bila ya uvimbe wowote. Anayeachishwa mapema huweza kudhoofika upya.